"Chini ya 13" ni nani hasa? Jibu kwa kocha anayeandika tangazo la majaribio

Swali: "Shikamoo kocha. Tuna akademia ndogo hapa Kisauni, Mombasa, na likizo ya Agosti 2026 twataka kufanya majaribio tuchukue vijana wapya wa kucheza mwaka ujao. Nimeandika hivi: 'Majaribio ya soka, chini ya miaka 13 na chini ya miaka 15, Jumamosi saa 3 asubuhi, fomu sh. 500, njoo na njumu.' Mwenzangu asema tangazo halijakamilika, wazazi watatusumbua kwa maswali. Niongeze nini?"

Marahaba, mwanangu. Wazazi wakikusumbua kwa maswali shukuru, maana hao utawajibu. Ninaowahofia mimi ni wale ambao hawatauliza. Watalisoma tangazo lako, watajijibu wenyewe, na mtoto uliyekuwa ukimtafuta atabaki nyumbani.

Chukua hayo maneno "chini ya miaka 13". Mama mwenye mtoto aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2013 atapiga hesabu: wangu alitimiza 13 tangu Machi, basi hili si lake. Jirani yake mwenye mtoto wa tarehe 14 Septemba 2013 atasema wangu bado ana 12, na atamleta mbio. Kumbe kisoka watoto hao wawili ni wa kundi moja, kwa sababu mpira huhesabu mwaka wa kuzaliwa, hauhesabu siku ya kutimiza umri. Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2025 lilikuwa la waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2008. Mashindano yalichezwa Novemba, kwa hiyo kijana aliyezaliwa Januari au Februari 2008 alikuwa ameshatimiza 17 zamani, na bado alikuwa halali uwanjani.

Hesabu yake ni nyepesi: chukua mwaka wa mashindano, toa namba ya kundi. Sasa angalia ulipojikwaa. Majaribio yako ni ya Agosti 2026 lakini wasema vijana watacheza mwaka ujao. Kwa hiyo 2027 toa 13, unapata 2014. Kundi lako dogo ni waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2014, na kubwa ni kuanzia 1 Januari 2012. Wale watoto wawili wa 2013 niliokutajia, mwaka huu wangekuwa chini ya 13, lakini kwa mwaka unaousajilia wewe wote wawili ni chini ya 15. Ukiwachukua katika kundi dogo, utawafunza miezi minne, kisha Januari utawaambia hawaruhusiwi kucheza na wenzao. Nimemwona kocha akiingia mtego huo, na kikosi chake chote cha chini ya 13 kikamwishia mikononi kabla mechi ya kwanza haijachezwa.

Basi katika tangazo futa "chini ya" na uandike miaka yenyewe: waliozaliwa 2014 na 2015, waliozaliwa 2012 na 2013. Mzazi hahitaji kupiga hesabu yoyote, anaangalia cheti tu. Kabla ya kuchapisha, waulize waandalizi wa ligi mnayotaka kuingia, kwa sababu kuna mashindano ya mitaani yanayoweka tarehe yao wenyewe ya mwisho.

Hapa ndipo wengi humaliza habari ya umri, na mimi naona ndipo inapoanza. Katika kundi lako dogo anaweza kuja mtoto wa tarehe 2 Januari 2014 na mwingine wa tarehe 20 Desemba 2015. Siku ya majaribio mmoja ana miaka 12 na miezi saba, mwenzake ana 10 na miezi minane. Karibu miaka miwili nzima iko kati yao, na katika umri huo miaka miwili ni kichwa kizima cha kimo. Yule mkubwa atashinda kila mpira wa juu, atamwacha mwenzake kwa mbio, na wewe ukiwa kando na karatasi yako utaandika "huyu ana kipaji". Hujapima kipaji, umepima siku ya kuzaliwa. Jambo hili limechunguzwa nchi nyingi, na akademia kubwa za Ulaya zimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka kuliko wa miezi ya mwisho.

Nami sikupona. Kuna mwaka nilichagua watoto, nikaridhika nao, kisha nikapanga vyeti vyao juu ya meza kwa mfuatano wa tarehe. Zaidi ya nusu walikuwa wa Januari mpaka Machi. Mtoto mmoja mdogo wa Novemba niliyemrudisha kwa sababu "ni mwepesi sana" alikuja kunifunga mabao mawili baada ya miaka mitatu, akiwa na jezi ya watu wengine.

Dawa yake ni rahisi ajabu. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio walilofanya na wasaka vipaji wa soka. Wasaka vipaji walipotazama watoto bila kujua umri, waliwapendelea wakubwa. Walipopewa tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi, upendeleo ukabaki palepale. Lakini watoto walipovalishwa jezi zenye namba zilizofuata umri, upendeleo ulitoweka. Karatasi huitazami mpira ukiwa unachezwa. Namba mgongoni unaiona kila mtoto anapogusa mpira.

Fanya hivyohivyo. Tuseme kundi la 2014 na 2015 wamejiandikisha watoto 40. Wapange kwa tarehe za kuzaliwa, mkubwa kabisa apewe kizibao namba 1 na mdogo kabisa namba 40. Ukimwona namba 36 ameupokea mpira kwa mguu wa nje, ameinua kichwa na kutoa pasi kabla namba 4 hajamfikia, unajua papo hapo umeona nini. Na ukimwona namba 3 akifunga kwa kumsukuma namba 38, nalo unajua ni nini.

Lakini huwezi kupanga vizibao asubuhi ya majaribio huku wazazi mia wamekuzunguka. Lazima uwe na tarehe za kuzaliwa siku tatu nne kabla, na hiyo ndiyo sababu tangazo lako liwe na siku ya mwisho ya kujiandikisha. Watakaokuja bila kujiandikisha usiwafukuze, wape vizibao vya rangi nyingine na uandike tarehe zao pembeni. Lakini wawe wachache.

Sasa cheti. Andika "nakala ya cheti cha kuzaliwa", na hapohapo uandike asiye nacho alete nini. Hapa Pwani watoto wasio na cheti si haba, na mara nyingi ndio haohao wanaocheza pekupeku mitaani siku nzima, wale unaowataka. Kadi ya kliniki ya utotoni au barua ya mwalimu mkuu yatosha kwa siku ya majaribio, kisha mzazi apewe muda wa kushughulikia cheti.

Ukipokea cheti, tazama tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kusajiliwa. Sheria yetu ya Kenya inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi sita, baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa. Cheti kilichosajiliwa mtoto akiwa na miaka kumi si lazima kiwe cha uongo, wengi walichelewa kwa umaskini au kwa kuzaliwa nyumbani. Ila hapo omba na kadi ya kliniki, uone kama zinakubaliana. Muulize mtoto kwa upole mdogo wake alizaliwa lini. Wawili wa mama mmoja wakiwa wamepishana miezi sita, mmoja wao amepewa tarehe isiyo yake.

Usidanganyike na wanaosema mpeleke mtoto akapigwe picha ya mkono hospitali ili mifupa ioneshe umri wake. Kipimo wanachotumia FIFA na CAF ni cha MRI, kisicho na mionzi, nacho kimekusudiwa mashindano ya chini ya 17. Kwa mtoto wa miaka 12 hakikusaidii. Huko juu lakini kinauma: Januari 2023 shirikisho la Kamerun lilipima vijana wake 30 wa chini ya 17, na 21 wakaondolewa kwa kuonekana wamezidi umri. Mzazi aelezwe mapema kwamba mwaka uliopunguzwa leo unaweza kumfungia mtoto mlango siku hiyo. Ukiliandika kwa sentensi moja kwenye fomu, wachache watajirudi wenyewe.

Twende kwenye siku. Jumamosi saa 3 asubuhi, mwanangu, umeandika wewe mtu wa Kisauni? Nusu ya watoto wako wako madrasa saa hiyo, na Jumapili asubuhi wengine wako kanisani. Ukishikilia Jumamosi utakuwa umechagua kabla hujaona mtu. Kwa kuwa ni likizo, tumia siku za katikati ya wiki, jioni. Jumanne tarehe 11 na Alhamisi tarehe 13 Agosti zingefaa. Wakati huo wa kusi jua si kali kama la Februari, na mvua kubwa za Mei zimepita. Anza saa kumi na robo, watu wakishaswali alasiri, umalize saa kumi na mbili kamili kabla ya magharibi. Zungumza na ustadhi wa mtaa mapema kama ana darasa la jioni, atakupangia. Usisogeze majaribio muhula wa tatu, kwa sababu kundi lako lina watoto wa gredi ya 6 na ya 9 wenye mitihani ya kitaifa, na mzazi hatakuachia.

Na saa iandike kwa maneno. Msaidizi wangu mmoja aliwahi kuandika "saa 4" akifikiria saa ya simu yake. Robo ya watoto walikuja saa nne asubuhi, wakakaa juani bila maji mpaka wakakata tamaa. Nilipofika saa kumi, aliyekuwa amebaki ni kipa mmoja, amelala chini ya mwarobaini.

Siku mbili ni muhimu kuliko unavyodhani. Siku ya kwanza watoto wana woga, kila mmoja anataka kupiga chenga peke yake aonekane. Siku ya pili ndiyo wanacheza. Wapange wanne kwa wanne bila makipa, kiwanja cha mita 30 kwa 20, dakika sita kila mchezo, kisha uwachanganye upya. Watoto 40 wanakuwa timu kumi, viwanja vitano vidogo ndani ya uwanja mmoja mkubwa, na kila mtoto anagusa mpira mara nyingi. Ukiwapanga 11 kwa 11, winga wa kushoto atasimama nusu saa akingoja mpira, nawe utamwandika mvivu. Makipa watangazie wajitambulishe kwenye fomu, uwape robo saa yao ya peke yao.

Haya, wazazi. Mambo yao ni mengi, lakini manne ndiyo yatakayokurudia usipoyaandika.

La kwanza ni pesa. Umeandika fomu shilingi 500, mzazi ataelewa kwamba akilipa 500 mtoto ameingia. Andika pesa ni ya nini, kama hairudishwi sema hairudishwi, na mtoto akichaguliwa atalipa nini kwa mwezi na jezi ni ya nani. Kama ni mimi ningeifuta hiyo 500 kabisa. Gharama ya majaribio ni maji, vizibao na chokaa, na mtu anayekusanya ada kwa watoto mia ambao atawarudisha themanini, watu huanza kumtazama vibaya hata kama nia yake ni safi. Ukiona huna budi, ipokee kwa namba moja ya M-Pesa yenye jina la akademia, isipitie simu ya kocha.

La pili ni afya, na hili usilifanyie mzaha. Fomu iulize pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo na selimundu. Huku Pwani selimundu ipo kwa kiasi kikubwa, na kuna mtoto ambaye mamake hasemi kwa kuogopa atakataliwa. Mtoto mwenye selimundu akikaukiwa maji na kukimbizwa mpaka achoke kabisa anaweza kupata maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Andika wazi kwamba kusema ugonjwa hakumwondoi mtoto kwenye majaribio, kunatuwezesha kumpumzisha na kumpa maji. Mtoto mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta mfukoni, isiachwe nyumbani. Kila mmoja aje na lita moja ya maji. Na mzazi aache namba mbili za simu, kwa sababu ile moja siku utakayoihitaji itakuwa haipatikani.

La tatu ni kumchukua mtoto. Tangazo likiandika saa ya kuanza bila saa ya kumaliza, utakaa na watoto wa watu gizani. Watakaokuja kutoka Likoni wana feri ya kuvuka, na wa Changamwe wana matatu mbili. Sema mtoto haondoki uwanjani bila mtu aliyeandikwa kwenye fomu. Bodaboda aliyetumwa tu hahesabiwi.

La nne ni picha. Najua mtataka kupiga video muwatie watoto kwenye Wasapu na kwingineko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa zaidi ya shilingi milioni nne kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini. Weka kisanduku cha peke yake kwenye fomu, mzazi atie alama ya ndiyo au hapana, na aliyesema hapana asinyimwe nafasi kwa sababu hiyo.

Kuna sentensi moja zaidi ambayo ningeiweka hata kama hukuniuliza: akademia haipeleki mtoto nje ya nchi wala haipokei pesa za pasipoti. Sheria za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache, kama wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu zisizo za soka. Hata hivyo kila baada ya majaribio makubwa hutokea mtu mwenye suti pembeni ya uwanja akimpigia mzazi hesabu za Ulaya. Mzazi akiwa ameshaisoma hiyo sentensi, atajua huyo si wako. Wewe kwa upande wako fungua daftari la usajili siku ya kwanza, jina, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyoingia. FIFA huhesabu mafunzo kuanzia mwaka mchezaji anapotimiza 12, na klabu zilizomlea na kusajiliwa rasmi hugawiwa sehemu ya pesa siku akiuzwa kimataifa. Bila kumbukumbu huna cha kudai.

Nimelichukua tangazo lako nikaliandika upya hivi. Weka uwanja na namba yako mahali pake:

"MAJARIBIO YA SOKA, KISAUNI. Wavulana waliozaliwa 2014–2015 na waliozaliwa 2012–2013. Jumanne 11 na Alhamisi 13 Agosti 2026, mtoto aje siku zote mbili. Kuanza saa kumi na robo alasiri, kumaliza saa kumi na mbili jioni. Uwanja: (jina, na alama ya karibu). Kujiandikisha mwisho Ijumaa tarehe 7 Agosti, watoto 40 kila kundi. Lete nakala ya cheti cha kuzaliwa. Asiye nacho alete kadi ya kliniki au barua ya shule. Majaribio ni bure. Atakayechaguliwa atalipa (kiasi) kwa mwezi, jezi ya mazoezi ni juu ya akademia. Njumu si lazima, raba zatosha. Maji lita moja. Mzazi ajaze fomu ya afya na ya picha, na aandike nani atamchukua mtoto. Hatupeleki watoto nje ya nchi na hatupokei pesa za pasipoti. Majibu yatatumwa kwa simu ya mzazi mmoja mmoja kufikia Jumatatu tarehe 17 Agosti, kwa aliyechaguliwa na asiyechaguliwa."

Nimeandika wavulana kwa sababu hukusema. Kama mwachukua wasichana pia, wape mstari wao na mwalimu wa kike uwanjani, maana "wote mwakaribishwa" huku kwetu mzazi wa binti haisomi kama mwaliko. Hiyo ya majibu nayo usiibadilishe ukasoma majina mbele ya uwanja. Mtoto wa miaka kumi na moja asiyesikia jina lake mbele ya wenzake wa mtaani mwaka ujao harudi, na huenda ndiye aliyekuwa namba 36.

Ukimaliza kukusanya tarehe za kuzaliwa nitumie orodha, nikusaidie kupanga vizibao.